Thambneli na kichwa cha video vikisema maneno yale yale, tatizo liko wapi?

#1 Fundi Plagi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi pikipiki, niko Morogoro, nina chaneli YouTube huu mwaka wa pili. Kijana wangu wa gereji ananishikia simu nikirekodi, thambneli natengeneza mwenyewe usiku nikishanawa grisi.

Juzi kuna mteja alikuwa anasubiri nimbadilishie cheni. Yeye anafanya kazi za matangazo. Akaomba aone chaneli yangu, akapitisha kidole juu chini, halafu akaniambia: "Fundi, mbona unasema kila kitu mara mbili? Mara ya kwanza nilishakusikia."

Video aliyokuwa anaitazama iko hivi. Kwenye picha nimesimama kando ya Boksa, nimenyoosha kidole kwenye tangi, na herufi za njano zimeandika PIKIPIKI INAKULA SANA MAFUTA. Chini yake kichwa kinasema: Pikipiki inakula sana mafuta.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: anayesoma picha atasoma picha, anayesoma kichwa atasoma kichwa, hakuna atakayenipita. Hata tangazo la msiba redioni linarudiwa. Sasa naomba kueleweshwa, kurudia kuna ubaya gani? Au yule dada alikuwa anapoteza muda tu cheni iishe?

#2 Sijali_2

Mkuu hizo thambneli ni tatizo kweli, zilinijazia simu mpaka ikawa haipigi picha. Ingia kwenye mafaili, tafuta folda ya `.thumbnails` ndani ya `DCIM`, futa yote. Mimi nilipata nafasi kubwa sana.

#3 Mtu Baki

#2 😂😂😂 Mwenzio anaulizia picha ya juu ya video, wewe unamfutia simu.

#4 Mpanga Kurasa

Fundi, huyo mteja wako alikuwa sahihi, ila hakukueleza sababu.

Mimi nilipanga kurasa za mbele za gazeti miaka tisa kabla sijahamia kuhariri video. Kanuni ya kwanza niliyofokewa na mhariri ilikuwa hii: chini ya picha usiandike kile ambacho msomaji anakiona kwenye picha. Kama picha inaonyesha waziri anakata utepe, usiandike "waziri akikata utepe". Andika ni utepe wa nini, au kwa nini anakata peke yake. Gazeti linatundikwa kwenye kamba, watu wanasoma wamesimama, mkono uko mfukoni. Una picha, una kichwa cha habari, na una sekunde mbili. Ukizitumia zote kusema neno moja, ile sekunde ya pili umeitupa.

Kwenye simu ni vilevile. Jicho linaanza na picha, kwa sababu ni kubwa na ina rangi, kisha linashuka kwenye kichwa. Kwa hiyo maneno ya kwenye picha ni sentensi ya kwanza, kichwa ni sentensi ya pili. Soma video yako kwa utaratibu huo: "Pikipiki inakula sana mafuta. Pikipiki inakula sana mafuta." Mtu akiongea hivyo kijiweni utamuuliza kama yuko sawa.

Halafu kuna jambo jingine kwenye hiyo thambneli yako nimeliona nilipoenda kuitazama. Video ina urefu wa 12:41, sivyo?

#5 Fundi Plagi

Ndiyo 12:41. Kuna nini?

#6 Mpanga Kurasa

Kile kiboksi cheusi cha muda kinakaa kulia chini. Wewe maneno umeyapanga mistari miwili, na MAFUTA limeishia kona hiyohiyo. Kwenye simu yangu thambneli inasomeka PIKIPIKI INAKULA SANA MA.

#7 Mtu Baki

Inakula sana ma nini? Maandazi? 😂 Hapo ningebofya mimi.

#8 Fundi Plagi

Aisee. Mwaka mzima. Na kila nikiiangalia naiangalia kwenye programu ya kutengenezea, huko hakuna hicho kiboksi.

#9 Digito Masta

Samahani wakuu, hapa mnampotosha fundi. Habari za magazeti zimepitwa. YouTube ni mashine ya kutafuta. Maneno anayoandika mtu kwenye kisanduku cha kutafutia lazima yawe kwenye kichwa, na yawe mwanzoni. Na siku hizi mashine inasoma hata maandishi yaliyo ndani ya picha, kwa hiyo ukiyarudia kwenye thambneli unaipa uhakika mara mbili. Mimi kila video narudia neno kwa neno na naonekana wa kwanza.

Fundi, angalia pia CTR yako, yaani kila thambneli ikionekana mara mia inabofywa mara ngapi. Ikiwa chini ya 10 chaneli inakufa.

#10 Fundi Plagi

CTR ya hiyo video ni 3.1. Basi mimi nimeshazikwa.

#11 Asia Takwimu

Hujazikwa fundi, fufuka.

Maelezo ya YouTube wenyewe yanasema nusu ya chaneli na video zina CTR kati ya asilimia 2 na 10. Wewe uko ndani ya kundi la watu wengi. Na namba hiyo hushuka yenyewe video ikianza kusambazwa kwa watu wasiokujua, kwa hiyo kushuka si lazima iwe msiba.

Ujue pia kinachohesabiwa. Thambneli inahesabiwa kuwa imeonekana ikikaa kwenye skrini zaidi ya sekunde moja na angalau nusu yake ikiwa inaonekana. Ukituma linki kwenye kundi la WhatsApp la bodaboda wakafungua mia, hao wanaingia kwenye idadi ya watazamaji lakini hawaingii kwenye CTR kabisa.

Digito Masta yuko sahihi nusu. Maneno ya kutafutwa yakae kwenye kichwa, tena mwanzoni, kwa sababu kichwa kinaruhusu herufi 100 lakini simu inakikata kabla hazijafika, na kinachobaki ni nukta tatu. Nusu ya pili sikubaliani nayo. Kwamba mashine inaweza kuona maandishi kwenye picha sibishi. Lakini kutoka hapo hadi "ukirudia utapanda" ni safari nyingine. Ukionekana wa kwanza, inawezekana ni kwa sababu ya kichwa chako kile kile, na thambneli haikuchangia lolote.

Na hapo ndipo faida ilipo. Kama kichwa kimeshabeba maneno ya kutafutwa, picha imepata uhuru. Haina kazi ya kutafutwa tena, inaweza kufanya kazi nyingine.

#12 Digito Masta

Ushahidi wa kwamba haisaidii uko wapi?

#13 Asia Takwimu

Sina. Na wewe wa kwamba inasaidia?

#14 Mtu Baki

Naleta karanga.

#15 Bint Shangani

Nimecheka hapo kwenye tangazo la msiba. Mie niseme la kwetu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Hujapata kuona kanga imechorwa korosho halafu jina likaandikwa "Korosho". Nani atainunua? Jina linasema lake, na mvaaji anajua anamvalia nani. Picha na neno vinakutana kichwani mwa jirani yako, wala si kwenye kitambaa.

#16 Mpanga Kurasa

#15 Ningekuwa nalo hilo nilipokuwa nafundisha vijana.

#17 Sheha Mstaafu

Bint Shangani mfano mzuri lakini usiuvute sana. Korosho za kwenye mji na jina mara nyingi havina uhusiano wowote, mwenye kiwanda kaweka tu. Na kisutu je? Kisutu asili yake hakina jina na bibi harusi anakivaa. Kwa hiyo kwa mfano wako thambneli isiandikwe kitu.

#18 Bint Shangani

Babu, na thambneli isiyoandikwa kitu ipo, na inafanya kazi. Si umenijibia.

#19 Fundi Plagi

Sawa, nimeelewa kwamba kurudia ni hasara. Sasa kwenye picha niandike nini? Nikiondoa "pikipiki inakula mafuta" sibaki na kitu.

#20 Mpanga Kurasa

Unabaki na vingi, vimo ndani ya video. Nimeitazama yote. Dakika ya tatu unafungua plagi, unaipangusa kwa kitambaa, unaisogeza kwenye kamera na kusema: "Hii hapa imeshasema kila kitu kabla sijagusa kabureta." Kwa nini hiyo plagi haipo kwenye thambneli? Umetuwekea tangi. Tangi kila mtu analijua.

Hebu nieleze kama mtoto, ile plagi inasema nini?

#21 Fundi Plagi

Plagi ikiwa nyeusi na masizi makavu, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Mara nyingi si kabureta, ni filta ya hewa imeziba vumbi, pikipiki inakosa pumzi. Ikiwa nyeusi halafu imelowa oili, hapo ni ringi, oili inapanda. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache na injini inachemka kupita kiasi, hiyo ni hatari kuliko nyeusi. Nzuri ni rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani.

Vijana wengi wanakimbilia kukaza na kulegeza skrubu ya kabureta. Unamkuta kashaivuruga, na filta ilikuwa inataka kupigwa hewa tu au kubadilishwa.

#22 Mpanga Kurasa

Umeona? Ndiyo hiyo. Dereva anajua kwamba pikipiki yake inakula mafuta, hilo analiona kila akienda sheli. Asilolijua ni kwamba jibu liko kwenye rangi ya kitu kidogo ambacho angeweza kukitazama leo. Kichwa kiseme tatizo kwa maneno anayotafuta yeye. Picha imwonyeshe kitu asichokitegemea.

Mimi ningefanya hivi. Picha: plagi moja tu, umeishika kwa vidole viwili, nyuma kweupe, ncha nyeusi imejaa fremu. Maneno: YAKO IKO HIVI? Basi. Kichwa: Pikipiki inakula mafuta: angalia plagi kabla hujagusa kabureta.

Soma kwa utaratibu. Jicho linaona plagi nyeusi, linasoma "yako iko hivi?", linashuka kwenye "pikipiki inakula mafuta". Kila kimoja kikikaa peke yake hakijakamilika, vikikaa pamoja vinaeleweka.

Maneno yapande juu kushoto, mbali na ule muda. Halafu kabla hujapakia, ipunguze ile picha mpaka iwe na upana wa vidole viwili, weka simu mezani, simama. Usichokisoma ukiwa umesimama, futa.

#23 Mama Chapo

Hamjambo nyote, niko Nakuru, napika. Nataka kuwaonya kuhusu hiyo ya "kila kimoja hakijakamilika", imenichoma.

Nilikuwa na video ya chapati laini. Nikaambiwa hivi hivi, usirudie maneno. Kichwa nikaandika "Chapati laini zinazokaa hadi kesho". Kwa picha nikaweka mkono wangu kwa unga na maneno USIWEKE MAJI. Watu walikuja kama nzige! Halafu komenti: "Mama, mbona umeweka maji?" Kwa sababu kwa video nilikuwa nasema usiweke maji baridi, weka ya vuguvugu. Mimi niliona nimefupisha tu. Wao waliona nimewadanganya, na ile grafu ya kutazama ilianguka kama gunia pale pale nilipomimina maji.

Nikabadilisha picha, nikaweka BILA MAYAI. Kichwa nikaacha. Walikuja wachache kidogo lakini wakakaa hadi mwisho. Yaani kichwa ni "laini", picha ni "bila mayai", mtu anajiuliza zitakuwaje laini bila mayai. Na hakuna uongo.

#24 Asia Takwimu

#23 Mfano huo una thamani kuliko yote tuliyosema. Kutorudia si sawa na kuficha. Neno la kwenye picha likiongeza habari ya kweli, mtu anabofya akijua anachokwenda kutazama. Likiwa limekatwa ili lishtue, unamleta mtu wa video nyingine kabisa.

#25 Sijali_2

Kumbe mnaongelea YouTube. Mimi nilijua simu. Basi endeleeni, mimi folda yangu nimeshafuta.

#26 Kinyozi wa Mtaa

Nami nitie neno. Kinyozini kwangu kuna tivii ukutani, mteja anashika rimoti na kuchagua. Wako kwenye kiti, wengine nusu uso una povu. Nimewachunguza sana: kichwa cha chini hawakisomi kabisa, herufi zake ni ndogo na tivii iko mbali. Wanachagua kwa picha na yale maandishi makubwa juu yake. Akiona YAKO IKO HIVI? na kitu cheusi, anapita. Hajui ni plagi au ni jino bovu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa fundi wa zamani. Kurudia kuna watu wake.

#27 Mtu Baki

Jino bovu 😂😂 Fundi fungua chaneli ya pili.

#28 Mpanga Kurasa

Kinyozi hoja yako ni nzito, siipuuzi. Lakini anayeshika rimoti kwenye kiti cha kinyozi anatafuta muziki na mpira. Mwenye pikipiki inayokula mafuta yuko kijiweni na simu mkononi.

#29 Kinyozi wa Mtaa

Bodaboda hawanyoi?

#30 Fundi Plagi

Wakuu nimerudi, zimepita siku kumi. Nilifanya kama alivyosema Mpanga Kurasa. Plagi nilimwomba mteja mmoja aniachie yake ya zamani, nyeusi ti. Kijana alipiga picha nje saa nne asubuhi kivulini, nyuma tumeweka kipande cha boksi jeupe. Maneno YAKO IKO HIVI? juu kushoto. Kichwa kama alivyopendekeza.

CTR kutoka 3.1 imepanda hadi 4.8 kwa siku hizi kumi. Komenti zimebadilika pia. Zamani walikuwa wanaandika "asante fundi". Sasa wanaandika "yangu ni nyeupe, nifanyeje", "yangu imelowa".

Ila kuna kituko. Vijana wamepiga picha ya skrini ile thambneli tu, bila kichwa, wakaiweka kwenye stetasi za WhatsApp. Watu wananipigia kuniuliza "nini yangu iko hivyo?" Shemeji yangu alidhani ni tangazo la dawa.

#31 Kinyozi wa Mtaa

Nilisema mimi.

#32 Mpanga Kurasa

Hongera fundi. Hilo la stetasi nakubali ni udhaifu. Picha ikisafiri peke yake inamwacha mwenzake nyuma. Ukituma linki yenyewe, WhatsApp inaonyesha picha na kichwa pamoja. Tatizo ni wanaopiga picha ya skrini. Unaweza kuongeza neno moja tu, PLAGI YAKO IKO HIVI?, na bado hujarudia kichwa chote.

#33 Asia Takwimu

Hongera, lakini ngoja nikuharibie sherehe. Umebadilisha picha, maneno na kichwa kwa siku moja. Sasa ni kipi kilichokupandisha?

Huenda ni kutorudia maneno. Huenda ni kwamba herufi zimepungua kutoka maneno manne hadi matatu na picha ikapata nafasi. Huenda ni plagi yenyewe, kwa kuwa ni kitu cha karibu na cha ajabu, hata ungeirudishia maneno ya zamani ingefanya vizuri. Huenda ni neno "kabureta" lililoingia kwenye kichwa ambalo watu wanalitafuta. Na siku kumi ni chache.

#34 Fundi Plagi

Na mafuta si yamepanda bei pia. Gereji nzima wanalalamika.

#35 Asia Takwimu

Na hilo nalo.

#36 Bint Shangani

Mie nasema ni uso. Ule wa mwanzo fundi ulikuwa umekunja ndita kama tunakudai.

#37 Digito Masta

Naona mmekubali kwamba "kabureta" kwenye kichwa ndilo lililosaidia. Nilisema maneno ya kutafutwa.

#38 Mtu Baki

Masta umesoma sentensi moja kati ya tano ukachagua yako.

#39 Asia Takwimu

Kuna njia ya kupima bila kukisia sana. YouTube Studio ina kipimo cha thambneli, unaweka hadi tatu, wao wanaonyesha hii kwa hawa na ile kwa wale kwa wakati mmoja. Kichwa usikiguse kabisa. Picha iwe ileile ya plagi kwenye zote tatu. Ya kwanza isiwe na neno lolote, ya pili YAKO IKO HIVI?, ya tatu PIKIPIKI INAKULA MAFUTA. Hapo utakuwa umepima maneno tu.

Angalizo: mshindi hatangazwi kwa kubofywa. Wanaangalia muda uliotazamwa ulitoka zaidi kwenye thambneli ipi. Ndiyo maana ile USIWEKE MAJI ya Mama Chapo inaweza kupata wabofyaji wengi na bado ikashindwa.

#40 Mama Chapo

Ingeshindwa na aibu juu.

#41 Fundi Plagi

Narudi baada ya wiki mbili, msinicheke. Nilienda kwa mwenye kompyuta hapa jirani akanisaidia kuweka zote tatu. Majibu: hakuna aliyeshinda. Wanasema tofauti haitoshi kutangaza mshindi. Ile isiyo na neno iko mbele kwa unywele, ya pili inafuata, ile ya kurudia iko ya mwisho, lakini zote zimebanana.

#42 Asia Takwimu

Chaneli ikiwa ndogo inatokea sana. Watazamaji hawatoshi kuonyesha tofauti ndogo, hata kama ipo. Usisome unywele kama ushindi.

#43 Sheha Mstaafu

Isiyo na neno iko mbele? Kisutu hicho. Bint Shangani uko wapi?

#44 Bint Shangani

Babu niko, na mie ndiye niliyesema thambneli isiyoandikwa kitu inafanya kazi. Soma #18.

#45 Mpanga Kurasa

Matokeo haya hayanishangazi kama mnavyodhani. Picha ya plagi ina nguvu, kwa hiyo maneno juu yake yamebaki na kazi ndogo. Picha ikishaongea, maneno ni pilipili. Jaribio hilohilo ukilifanya kwa ile picha ya tangi, nadhani maneno yangeonyesha tofauti kubwa, kwa sababu tangi peke yake halisemi kitu. Lakini hilo ni dhana yangu.

#46 Digito Masta

Kwa hiyo kurudia hakukuua video. Nilisema.

#47 Asia Takwimu

Hakukuua. Hakukusaidia pia. Masta, fanya na wewe jaribio kwenye video yako moja utuletee, nitakuwa wa kwanza kukubali nikikosea.

#48 Mtu Baki

Masta kanyamaza. Karanga zimeisha.

#49 Dereva wa Kihonda

Samahani natoka kidogo kwenye mada. Fundi nimesoma pale #21 nikaenda kufungua plagi yangu saa hii. Nyeupe pe, kama chokaa. Na pikipiki inakata nikipanda mlima. Nimepiga picha, hii hapa. Nimeiweka kwenye kiganja ili uone vizuri.

#50 Fundi Plagi

Kaka usiendelee kuikimbiza hivyo. Mafuta hayafiki vizuri au inavuta hewa mahali. Angalia kwanza bomba la mafuta kutoka kwenye tangi na kichujio chake, halafu ile raba ya kati ya kabureta na injini kama imepasuka. Kesho asubuhi pita gereji kabla hujapakia abiria.

Na hiyo picha naomba uniachie. Nimekosa plagi nyeupe safi kama hiyo miezi. Nitaiweka kwenye video inayofuata.

#51 Dereva wa Kihonda

Chukua tu fundi. Utaandika nini juu yake?

#52 Fundi Plagi

Kichwa kitakuwa "Pikipiki inakata ikipanda mlima". Kwenye picha nawaza NYEUPE NI MBAYA ZAIDI.

#53 Kinyozi wa Mtaa

Andika PLAGI NYEUPE. Wateja wangu watadhani ni sukari.

#54 Mpanga Kurasa

Fundi, iwe vyovyote utakavyoandika, kata hicho kidole gumba cha kulia chini. Muda utakaa hapo hapo.

#55 Sijali_2

Wakuu ile folda imejaa tena.